Ramadhani kwa jimu: Punguza seti, uzito uache ulivyo

Kila mwaka ikibaki wiki moja mwezi uandame, mjadala ni ule ule katika jimu yetu ya uani kule Majengo, Pumwani. Jimu yenyewe si ya kioo wala kiyoyozi. Ni paa la mabati, benchi mbili zilizochomelewa na fundi wa Jua Kali, chuma kimoja cha dukani cha kilo 20, na mikebe ya rangi iliyojazwa simiti. Swali ndilo halibadiliki: "Tukifunga, tizi tunafanyaje?"

Majibu nayo hayabadiliki, ni matatu. Wa kwanza husema acha kabisa, mwezi wa ibada si wa kupiga chuma. Wa pili husema endelea kama kawaida, mwanaume hachoki. Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye tunayemwita kocha, husema shika vyuma vyepesi, piga mara nyingi, utoe jasho, utoke Ramadhani umekatika kama msumari.

Nimeyajaribu majibu yote mawili ya kwanza kwa mwili wangu, na nimeona wenzangu wakijaribu la tatu. Yote yana kasoro. Lakini hili la tatu ndilo baya zaidi, kwa sababu linasikika la busara. Kwa mtu anayefunga na anataka kubaki na nguvu zake, mimi nasema kinyume chake: punguza idadi ya seti hadi thuluthi moja, na uzito uuache karibu pale pale ulipokuwa.

Ramadhani yangu ya kwanza kama mtu wa jimu niliacha kila kitu. Siku 30 za futari, tarawehe na usingizi. Baada ya Idi nikaenda kufanya skwoti, ile ya kuchuchumaa na chuma mabegani. Uzito niliokuwa nikiupiga mara tano kabla ya mwezi, sasa nilipiga mara mbili, ya tatu nikasaidiwa kuurudisha. Ilinichukua zaidi ya mwezi kurudi nilipokuwa. Na hesabu ya mtu wa mtaani ni rahisi: ukipoteza mwezi mmoja kwa kuacha na mwingine kwa kurudi, kila mwaka una miezi kumi tu ya kwenda mbele.

Mwaka uliofuata nikafanya kinyume. Siku nne kwa wiki, programu nzima, saa kumi jioni nikitoka kazini. Wiki ya kwanza nilijiona simba. Siku ya tisa, seti ya nne ya skwoti, nikachuchumaa na nilipoanza kupanda nikaona giza. Jamaa wawili waliokuwa karibu ndio walionishikia chuma. Nilikaa kwenye tofali, masikio yakilia, na bado zilibaki saa mbili na nusu hadi adhana ya magharibi. Siku hiyo ndipo nilipoanza kuuliza maswali ya maana.

Swali la kwanza ni hili: nguvu zinakaa wapi? Tunadhani zinakaa kwenye ukubwa wa mkono peke yake. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya nguvu ni mishipa ya fahamu kujua kuamsha misuli mingi kwa wakati mmoja. Ujuzi huo hufundishwa na chuma kizito. Ukishika kilo 40 na kupiga mara 25, unatoa jasho na unachoka, lakini mwili haupati sababu ya kukumbuka namna ya kuinua kilo 100. Ndiyo maana yule wa "vyepesi mara nyingi" hutoka Ramadhani akiwa amekonda na dhaifu, halafu analaumu saumu. Saumu haina kosa. Kosa ni kwamba alichotunza ni jasho, na nguvu akaziacha.

Swali la pili: kazi kiasi gani inatosha kulinda nguvu ulizo nazo tayari? Hapa kuna utafiti ambao ningependa kila kocha wa Eastlands aujue. Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama kule Birmingham, Marekani, walichapisha matokeo ya watu 70, vijana na wazee, waliofanya mazoezi ya miguu siku tatu kwa wiki kwa wiki 16. Baada ya hapo kuna walioacha kabisa, kuna waliopunguziwa kazi hadi thuluthi moja, na kuna waliopunguziwa hadi sehemu moja ya tisa, yaani siku moja kwa wiki, seti moja kwa kila zoezi. Waliendelea hivyo kwa wiki 32. Vijana waliobakiwa na thuluthi moja walilinda nguvu zao. Hata wale wa sehemu moja ya tisa walizilinda.

Hawa hawakuwa wamefunga, na hilo lisisahaulike. Lakini wao walikaa hivyo kwa zaidi ya miezi saba. Sisi tunazungumzia wiki nne. Kupata nguvu mpya kunahitaji kazi nyingi, lakini kulinda ulizonazo kunahitaji kidogo sana, mradi uzito usishushwe. Kwa mtu aliyefunga hiyo ni habari njema, kwa sababu kinachommaliza zaidi ni zile seti nyingi. Kila seti inakula sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na inatoa maji ambayo huwezi kuyarudisha hadi jua litue.

Basi Ramadhani ya tatu nilikaa chini na daftari. Kabla ya mwezi nilikuwa na siku nne kwa wiki. Siku mbili zilikuwa za skwoti seti tano, kusukuma chuma nikiwa nimelala kwenye benchi seti tano, na kuvuta chuma kifuani nikiwa nimeinama seti nne. Siku nyingine mbili zilikuwa za kuinua chuma kutoka chini seti tatu, kusukuma juu ya kichwa seti tano, na kujivuta kwenye nguzo seti tano. Ukijumlisha unapata seti 54 kwa wiki.

Nikakata siku mbili, zikabaki mbili, moja ya kila aina. Kila siku mazoezi yale yale matatu, kila zoezi seti tatu. Hizo ni seti tisa kwa siku, 18 kwa wiki, thuluthi kamili ya 54. Mazoezi madogo madogo ya mkono ya kujitazama kwenye kioo nilikuwa nimeyaacha nje ya hesabu, na mwezi huo niliyaacha kabisa.

Uzito je? Skwoti yangu ilikuwa kilo 100, seti tano za mara tano. Wiki ya kwanza ya kufunga nilishuka hadi kilo 95 kwa sababu mwili ulikuwa bado unazoea. Mtu wa chai tatu kwa siku anajua kichwa cha siku za mwanzo kinavyogonga. Kuanzia wiki ya pili nilirudi kilo 100, lakini kila seti mara tatu au nne badala ya tano. Hiyo mara moja au mbili ninayoiacha ni akiba ya usalama, maana sitaki kukwama chini ya chuma tumbo likiwa tupu. Kati ya seti na seti nilipumzika dakika tatu hadi nne bila aibu. Kupasha mwili joto nako kulikuwa kufupi: chuma kitupu mara nane, kilo 60 mara tano, kilo 80 mara tatu, kilo 90 mara moja, kisha kazi yenyewe. Yote yalikwisha kwa dakika 50.

Hapa nitoe onyo kwa wenzangu wa simiti. Huwezi kulinda uzito usioujua. Mikebe miwili ya rangi inayofanana inaweza kutofautiana kilo mbili au tatu, kutegemea fundi alimwaga kokoto kiasi gani. Kabla ya mwezi kuandama, ibebe hadi kwa muuza vyuma chakavu, ipime kwenye mizani yake, kisha uandike namba kwa rangi kwenye kila mkebe. Ni kazi ya nusu saa na itakuondolea ubishi wa mwezi mzima.

Sasa tuje kwenye saa. Nairobi iko karibu sana na ikweta, kwa hivyo magharibi yetu hubadilika kwa takriban nusu saa tu mwaka mzima. Ramadhani ikiangukia Februari au Machi, jua hutua karibu saa kumi na mbili na dakika 40 jioni, na alfajiri huingia baada ya saa kumi na moja. Tunafunga saa 13 na kitu. Hatuna zile saumu za saa 17 au 18 wanazopitia ndugu zetu wa London au Stockholm mwezi ukiangukia kiangazi chao. Kwa hivyo tuna usiku wa kutosha kula na kunywa, tukiupanga.

Kwenye karatasi, wakati mzuri wa kupiga chuma kizito ni baada ya tarawehe, kuanzia saa tatu na nusu au saa nne usiku. Umeshafuturu, umeshakunywa maji, na tumbo limetulia. Mara tu baada ya futari haifai. Umekula sambusa, viazi karai na uji, halafu uingie chini ya chuma? Utavirudisha. Asubuhi baada ya daku nayo haifai, kwa sababu jasho utakalotoa saa kumi na mbili asubuhi utaidaiwa hadi jioni.

Lakini mtaa hauishi kwenye karatasi. Anayeishi Eastleigh ana bahati, kwa sababu usiku wa Ramadhani barabara zinajaa watu hadi usiku wa manane na maduka yako wazi. Anayelala Kayole au Dandora, na jimu yake iko mwendo wa dakika 20 kwa mguu kwenye taa zilizokufa, hana bahati hiyo. Sitamwambia kijana yeyote atembee saa tano usiku na simu mfukoni kwa sababu ya seti tisa. Msichana hata zaidi.

Na hapa pia utafiti unatusaidia. Mwaka 2013 watafiti wa Tunisia walichapisha kazi juu ya wanaume 16 wajenga misuli waliofunga Ramadhani. Nusu yao walifanya mazoezi jioni wakiwa bado wamefunga, nusu usiku baada ya kula. Mwisho wa mwezi, misuli na mafuta ya mwili havikuonyesha tofauti kati ya makundi hayo mawili. Waliofanya wakiwa wamefunga ndio walioonyesha dalili za upungufu wa maji. Maana yake ni kwamba jioni haikumalizi misuli, kama wengi wanavyoogopa. Inakukausha tu, na dawa ya kukauka ni kusogea karibu na maji.

Ndiyo maana kama usiku hauwezekani, nasema anza saa kumi na mbili kasoro robo hivi, uishe dakika chache kabla ya adhana. Kosa langu la saa kumi jioni lilikuwa hapo hasa: nilijikausha na kubakisha masaa mbele yangu. Ukimaliza dakika tano kabla ya magharibi, tende na maji vinakungoja mlangoni. Mimi nilifanya hivi: Jumanne kabla ya magharibi, siku ya kuinua kutoka chini, ambayo ukichoka unaweza kuachilia chuma kikaanguka. Jumamosi baada ya tarawehe, siku ya skwoti na benchi, ambapo chuma kiko juu yako na lazima mtu awe nyuma yako. Zoezi la kukwama chini yake usilifanye ukiwa umekauka. Hiyo ndiyo sheria pekee ambayo sitaijadili na mtu.

Kuna rafiki yangu ambaye mpango huu haukumfaa kama ulivyo. Yeye anasukuma mkokoteni kutoka Gikomba hadi Eastleigh, mitumba ya watu, kutwa nzima, akiwa amefunga. Alijaribu siku mbili kama mimi, wiki ya pili mgongo ukakataa. Tulipokaa tukaona wazi kwamba mkokoteni nao ni seti, tena seti nyingi, isipokuwa hakuna anayeziandika. Akabaki na Jumamosi usiku peke yake, mazoezi matatu, seti mbili mbili, uzito ule ule. Kama unabeba saruji, unachanganya zege au unapakua malori, hesabu kazi yako kwanza kabla ya kuhesabu jimu.

Chakula sitakiongelea sana, maana kila nyumba na futari yake. Nitasema mawili tu. Maji yagawe usiku kucha, glasi mbili wakati wa kufuturu, nyingine kabla na baada ya tarawehe, nyingine kabla ya kulala, mbili kwa daku. Yule anayekunywa lita moja na nusu kwa mpigo dakika kumi kabla ya imsaki, nyingi ataziacha chooni kabla ya saa tatu asubuhi. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi kila adhuhuri, usiku wako hauna maji ya kutosha. La pili ni daku. Wengi wetu tunalala, tunaamka na chai na mkate. Mayai matatu na pakiti ya maziwa ya nusu lita yanakupa takriban gramu 35 za protini, na hicho ndicho mwili utakachotumia wakati wewe uko kwenye matatu. Ukikosa mayai, bakuli la ndengu lililobaki kwenye futari linafanya kazi ile ile.

Utajuaje kama umepunguza vya kutosha? Tazama ile mara moja ya kilo 90 wakati wa kupasha mwili. Ikipanda kwa kasi ya kawaida, endelea. Ikipanda polepole kama lifti mbovu, ondoa seti moja kwa kila zoezi siku hiyo, na uzito uache. Ikiwa siku mbili mfululizo umeshindwa kufikisha mara tatu kwa uzito wako, hapo sasa shusha kilo tano na uangalie usingizi, kwa sababu mara nyingi tatizo ni kulala saa nne kwa siku. Kizunguzungu, macho kuingia giza au moyo kudunda ovyo si uchovu wa kawaida. Weka chuma chini, kaa, na siku hiyo imekwisha. Isipopita, kunywa maji. Mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye, na hilo kila shekhe atakuambia. Mwenye kisukari au anayemeza dawa za presha, zungumza na daktari kabla ya mwezi kuanza.

Jaribu lenyewe lilikuja Jumamosi ya kwanza baada ya Idi. Kilo 100, nikapiga mara tano, na ya tano haikuwa na kelele. Sikuwa nimeongeza chochote kwa mwezi mzima, lakini sikuwa nimepoteza. Na hapo pia watu huharibu. Wanarudi na seti zote 54 wiki ile ile ya pilau, halafu hawawezi kushuka ngazi kwa siku nne. Mimi nilirudi na seti 27 wiki ya kwanza, 40 wiki ya pili, na ya tatu nikarudi kwangu.

Kwa hivyo makocha wetu wa mtaani, nawaheshimu, lakini hili la vyuma vyepesi na jasho mliache. Kijana aliyefunga akija kwako, usimpe saa nzima ya kurukaruka. Mpe seti tisa nzito, mtu wa kumlinda nyuma, na umwache aende akafuturu.